Waliokaa Wakingoja

Kuna stori moja ambayo karibu kila Mkenya aliyepitia darasa la bayolojia ameisikia. Mbegu za kiume milioni mia mbili au tatu zinaanza safari kwa pamoja, zinaogelea kama wanariadha wa Eldoret, zinapita mlango wa uzazi, zinapita mji wa mimba, na ile yenye kasi kuliko zote inalifikia yai kwanza. Yai lenyewe limekaa tu, linangoja mshindi. Halafu mwalimu anamalizia na ule utani wake: kwa hivyo msijidharau, kila mmoja wenu aliwahi kushinda mbio.

Mimi nimekuwa nikisoma historia ya jambo hili kwa miezi kadhaa. Sisomei shahada, maana chuo niliacha, ila nilitaka kujua stori hii ilitoka wapi na nani aliihakiki. Nilichokipata ni kwamba karibu kila kitu ndani yake kimegeuzwa. Mbegu haziendi mbali kwa kuogelea peke yake. Zile zinazofika kwanza mara nyingi hazifai kitu. Na anayengoja si yai. Yai huishi chini ya siku moja baada ya kutoka kwenye ovari. Zinazongoja ni mbegu, na zinaweza kungoja siku tano. Hilo geuzo dogo limebeba mambo mazito: limefanya watu wapate mimba wakati wanaamini wako salama, na limefanya wanaume wakane watoto wao.

Tuanze Delft, Uholanzi, mwaka wa 1677. Antoni van Leeuwenhoek alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa ambaye hakuwahi kusoma chuo kikuu. Alijitengenezea hadubini zake mwenyewe, vioo vidogo kama tone la maji, vyenye nguvu kuliko karibu vyote vilivyokuwepo wakati huo. Siku moja mwanafunzi wa udaktari, Johan Ham, alimletea manii ya mgonjwa wa kisonono, akidai ameona viumbe vidogo ndani yake. Leeuwenhoek alitaka kuona kwa mtu mzima wa afya, kwa hivyo akachunguza ya kwake. Kwenye barua aliyowaandikia wanasayansi wa Shirika la Kifalme la London, alihakikisha wanaelewa kwamba hakujichafua ili kuyapata. Yalitoka kwenye kitanda cha ndoa, na aliyaweka chini ya kioo kabla mshipa haujapiga mara sita. Aliwaambia pia kwamba wakiona jambo hili litawachukiza wasomi, wasilichapishe.

Alichokiona ni viumbe vyenye kichwa na mkia, vikijipinda kama mkunga majini. Hebu fikiria hiyo picha ilimfanyia nini. Ukiona kitu kina mkia na kinaogelea, akili yako inakwambia kinaenda mahali kwa nguvu zake. Leeuwenhoek alikwenda mbali zaidi: aliamini mtu mzima anatokana na kiumbe hicho, na mji wa mimba ni kama shamba tu la kukilisha. Mwanamke katika stori hiyo ni uwanja. Mwanaume ndiye mchezaji. Yai la mnyama anayenyonyesha halikuonekana na mtu yeyote hadi mwaka wa 1827, Karl Ernst von Baer alipolipata kwa mbwa. Ina maana kwa miaka 150 ulimwengu ulikuwa umeshaona mbegu ikicheza chini ya kioo lakini yai hakuna aliyekuwa amelishika. Si ajabu basi kwamba mbegu ilipewa stori yote.

Swali la muda gani mbegu huishi ndani ya mwanamke lilipata mtu wa kulishughulikia kwa vitendo katika karne ya kumi na tisa, na mtu huyo hatuwezi kumtaja bila kusema alikotoka. J. Marion Sims alikuwa daktari Mmarekani. Kule Montgomery, Alabama, katika miaka ya 1840, alijifunza upasuaji wake kwa miili ya wanawake weusi waliokuwa watumwa, bila dawa ya ganzi. Majina ya watatu tunayo: Anarcha, Betsey na Lucy. Sanamu yake iliyokuwa kwenye bustani ya Central Park, New York, iliondolewa mwaka wa 2018. Baada ya Alabama alihamia New York kutibu wanawake, wakiwemo matajiri, na wengi wao walikuwa wakitafuta watoto. Katika kitabu alichotoa mwaka wa 1866 anaeleza jinsi alivyochukua ute kutoka kwa mwanamke saa chache baada ya kulala na mumewe na kuuweka chini ya hadubini, kuona kama mbegu bado ziko hai. Mwaka wa 1913 daktari mwingine wa New York, Max Huhner, aliandika kitabu kilichofanya kipimo hicho kienee, na hadi leo kinabeba majina ya wote wawili.

Kipimo chenyewe ni rahisi, na kilifunua kitu cha kwanza muhimu. Ukichukua majimaji ukeni saa kadhaa baada ya tendo, unakuta mbegu zimekufa. Uke una asidi, na asidi hiyo ndiyo kinga ya mwanamke dhidi ya vijidudu. Manii yenyewe huipunguza makali kwa muda mfupi, lakini dirisha hilo hufunga haraka. Ukichukua ute wa ndani ya mlango wa uzazi kwa mwanamke huyohuyo, siku hiyohiyo, unaweza kukuta mbegu zinaogelea kama kawaida. Kesho yake, bado. Kwa hivyo jibu la swali "mbegu huishi muda gani" lilikuwa tayari limegawanyika: inategemea ziko wapi.

Na inategemea siku gani. Huo ute si kitu kimoja mwezi mzima. Yai linapokaribia kutoka, homoni ya estrojeni hupanda na ute hugeuka majimaji, wazi, wenye kuvutika kati ya vidole kama ute wa yai la kuku. Wanawake wengi wanaujua bila kuambiwa na daktari. Ndani yake kuna njia nyembamba ambazo mbegu hupenya, na kuna vijishimo kwenye kuta za mlango ambako hujificha. Yai likishatoka, homoni nyingine, projesteroni, inashika usukani, na ndani ya siku moja au mbili ute unakuwa mzito kama gundi. Mbegu itakayofika wakati huo inakuta mlango umefungwa, inabaki nje kwenye asidi, na stori yake inaishia hapo. Kwa siku nyingi za mwezi, mwili wa mwanamke ni mahali pabaya sana pa mbegu kuishi. Siku tano zinawezekana tu pale mwili wenyewe umezitengenezea makao.

Sasa tuje kwenye safari. Kutoka mlango wa uzazi hadi pale kwenye mrija ambapo yai na mbegu hukutana, ni takriban sentimita 15. Mbegu nzuri huogelea milimita tatu hivi kwa dakika, ikienda moja kwa moja bila kupotea njia. Piga hesabu: milimita 150 gawanya kwa tatu, unapata dakika 50. Na hiyo ni ikiwa inajua inakoenda, jambo ambalo mwanzoni haijui.

Mwaka wa 1973 timu ya watafiti wa Marekani, jina la kwanza kwenye ripoti yao likiwa Settlage, ilifanya jaribio na wanawake waliokuwa wamepangiwa upasuaji na wakakubali kushiriki. Waliwekewa manii kwenye mlango wa uzazi, halafu baada ya muda uliopimwa, mirija yao ilichunguzwa. Mbegu zilikutwa kwenye mirija baada ya dakika tano.

Dakika tano. Kwa mwendo wa milimita tatu kwa dakika, mbegu ingekuwa imesogea sentimita moja na nusu tu. Haijamaliza hata mlango. Kwa hivyo hizo hazikuogelea. Zilibebwa. Na nani mwingine wa kuzibeba kama si mji wa mimba wenyewe?

Jibu lilikuja wazi Ujerumani mwaka wa 1996. Kundi la madaktari akina Kunz na Leyendecker lilichukua vijipira vidogo vya protini, vya ukubwa unaolingana na mbegu, vilivyotiwa chembe ya mionzi ili vionekane kwa kamera, na kuviweka nyuma ya uke, pale pale mbegu huachwa. Vijipira havina mkia. Havina uhai. Haviendi popote vikiachwa mezani. Lakini ndani ya dakika chache vilikuwa vimeingia kwenye mji wa mimba, na vingine vikafika kwenye mirija. Cha kushangaza zaidi, siku za kukaribia yai kutoka, vilielekea zaidi kwenye mrija wa upande ambao yai lilikuwa likikomaa.

Kwa ultrasaundi waliona kinachosukuma. Tabaka la ndani la misuli ya mji wa mimba hujikaza kwa mawimbi madogo, mara mbili tatu kwa dakika, ambayo mwanamke mwenyewe hayasikii. Wakati wa hedhi mawimbi huelekea nje, kusukuma damu itoke. Siku za kuelekea yai kutoka, hugeuka na kuanza kutoka mlangoni kwenda juu. Ule "uwanja" wa Leeuwenhoek kumbe ndio uliokuwa ukifanya kazi ya gari.

Na zile mbegu zinazofika ndani ya dakika tano? Wanariadha wetu wa Eldoret? Mwaka wa 1978 watafiti wawili, Overstreet na Cooper, waliwachunguza sungura na kukuta kwamba mbegu zinazorushwa haraka hivyo hadi kwenye mirija, nyingi zimekufa au zimeumia. Zimefika kwanza, ni kweli, lakini hazina kazi tena. Zinazotunga mimba ni zile zinazofika baadaye, kidogokidogo, zikitoka kwenye maficho ya njiani. Kwa binadamu, kati ya mamilioni yaliyoanza, zinazokutwa kwenye mirija kwa wakati mmoja ni mamia machache.

Kuna sababu nyingine ya kutokimbia, na iligunduliwa mwaka wa 1951 na watu wawili waliokuwa pande tofauti za dunia, kila mmoja bila mwenzake: Min Chueh Chang, Mchina aliyekuwa akifanya kazi Massachusetts, na Colin Austin, aliyekuwa Australia. Wanasayansi walikuwa wamejaribu kwa miaka mingi kutungisha yai la mnyama nje ya mwili, na walikuwa wakishindwa. Yai zima, mbegu zinazoogelea vizuri, viko pamoja kwenye kichombo kimoja, na hakuna kinachotokea. Chang, kwa sungura, na Austin, kwa panya, walikuta kwamba mbegu iliyotoka tu kwa dume haina uwezo wa kuingia kwenye yai. Lazima kwanza ikae saa kadhaa ndani ya njia ya uzazi ya jike. Hapo ngozi yake hubadilika, inavuliwa baadhi ya vitu ilivyofunikwa navyo, mkia wake unaanza kupiga kwa nguvu tofauti, na kichwa chake kinakuwa tayari kufungua ganda la yai. Ilipojulikana namna ya kuiga mabadiliko hayo maabarani, ndipo njia ya kuelekea watoto wa maabara ilipofunguka, na mwaka wa 1978 akazaliwa Louise Brown, wa kwanza.

Kwa hivyo mbegu inayolikuta yai lipo tayari wakati inafika ghafla, haiwezi kitu. Kungoja ni sehemu ya kazi. Hata mbegu zikifika mirijani, hazifiki zote kwa wakati mmoja wala haziwi tayari zote kwa wakati mmoja. Leo kuna kundi dogo lililoiva, kesho lingine. Kila lililoiva huchoka na kufa haraka, kwa hivyo kuachiliana zamu ndiko kunakoongeza siku.

Hapa ndipo historia inapogusa maisha yetu ya kawaida, kupitia kwa daktari wa Kijapani aliyeitwa Kyusaku Ogino. Alikuwa akifanya upasuaji hospitalini Niigata, na kila alipofungua tumbo la mwanamke alitazama ovari zake, akaona kama yai limetoka au bado, halafu akaoanisha na tarehe za hedhi. Alifanya hivyo kwa wanawake zaidi ya 100. Mwaka wa 1924 alitangaza jambo ambalo lilionekana la kugeuza kichwa chini: usihesabu kutoka hedhi iliyopita, hesabu kurudi nyuma kutoka hedhi ijayo. Yai hutoka kati ya siku ya 12 na ya 16 kabla ya hedhi ijayo. Muda mfupi baadaye Hermann Knaus wa Austria alifika mahali karibu na hapo kwa njia yake.

Ogino alikuwa sahihi kuhusu yai. Lakini ili kuweka kalenda ya siku za hatari alihitaji namba nyingine: mbegu hungoja siku ngapi? Alizipa siku tatu. Knaus alizipa mbili. Kutoka kwa Ogino ndiko ilikotoka ile hesabu ambayo bado inafundishwa: chukua mzunguko wako mfupi zaidi, toa 18, hapo hatari inaanza, chukua mrefu zaidi, toa 11, hapo inaisha. Ile 18 imebeba ndani yake siku tatu za mbegu. Ogino mwenyewe hakupenda hesabu yake itumike kuzuia mimba. Yeye alitaka iwasaidie wanaotafuta mtoto. Lakini ilishatoka mikononi mwake.

Miaka sabini ilipita kabla mtu hajaipima hiyo namba ipasavyo kwa watu wanaoishi maisha yao nyumbani. Huko North Carolina, Marekani, Allen Wilcox na wenzake waliwapata wanawake 221 walioacha njia za kupanga uzazi kwa sababu walitaka kushika mimba. Kila asubuhi, kila mmoja alikojoa kwenye kichupa kidogo na kukihifadhi kwenye friji, na aliandika kama alikuwa amelala na mwanaume. Kwenye mkojo zilipimwa homoni zinazoonyesha siku yai lilipotoka, na zile zinazoonyesha mimba changa kabisa. Matokeo yalitoka mwaka wa 1995. Mimba 192 zilitungwa. Zote zilitokana na tendo lililofanyika ndani ya siku sita: siku yai linapotoka, na tano za kabla yake. Siku ya kwanza kati ya hizo sita, uwezekano ulikuwa kama moja kwa kumi. Siku ya yai kutoka, ulikuwa kama moja kwa tatu. Siku moja tu baada ya yai kutoka: hakuna hata mimba moja.

Isome tena hiyo sentensi ya mwisho, kwa sababu watu wengi huamini kinyume. Wanaamini hatari iko baada ya yai kutoka. Kumbe iko kabla. Yai halingoji mtu. Na mbegu za siku nyingi si za kawaida sana: kati ya mimba zile, ni asilimia 6 tu ambazo kwa hakika zilitokana na mbegu zilizokuwa zimekaa siku tatu au zaidi. Lakini asilimia 6 ni watu, wana majina na mama wakwe.

Tuweke mfano. Mwanamke anaanza hedhi Jumatatu. Hiyo ni siku ya kwanza. Inaisha Ijumaa. Jumapili, siku ya saba, analala na mpenzi wake. Jumatatu asubuhi mwanaume anapanda treni kwenda Mombasa kikazi, wiki mbili. Mzunguko wa huyu mwanamke kwa kawaida ni siku 28, wakati mwingine 26. Mwezi huu mwili wake umeamua 26. Yai linatoka kama siku 14 kabla ya hedhi ijayo, yaani siku ya 12, Ijumaa.

Angetumia hesabu ya Ogino na mzunguko wake mfupi zaidi, 26 toa 18 ni nane. Siku ya saba iko nje ya hatari. Kwa hesabu, alikuwa salama. Lakini toka Jumapili hadi Ijumaa ni siku tano, na ute wake ulikuwa umeanza kulainika. Mbegu zilikuwa zimeshuka kwenye vijishimo vya mlango wa uzazi, zikatulia, wakati mwenyewe yuko kazini, yuko kwenye foleni ya Waiyaki Way, anafua nguo. Ijumaa yai likatoka, na mbegu zilikuwepo.

Sasa angalia kinachofuata. Hedhi inakosa kuja, anapima, ana mimba. Ile programu ya kalenda kwenye simu inayodhani kila mwanamke ni wa siku 28 inamwambia alishika mimba siku ya 14, Jumapili ya pili. Mwanaume anahesabu kwa vidole: Jumapili ya pili mimi nilikuwa Mombasa, nina tikiti. Hata ukimwambia yai lilitoka Ijumaa, bado alikuwa Mombasa. Ultrasaundi nayo, hata ya mapema, inaweza kukosea kwa siku tano hadi saba, na daktari akisema "mimba ilitungwa takriban tarehe fulani" anasema kuhusu yai, hasemi kuhusu usiku fulani. Siku ya kulala pamoja na siku ya mimba kutungwa ni tarehe mbili tofauti. Katika ugomvi wa aina hii, tarehe haiwezi kumhukumu mwanamke. Kipimo cha damu cha ubaba kinaweza. Nimesikia stori za aina hii mtaani zaidi ya moja, na kila mara anayezungumza kwa uhakika zaidi ndiye anayejua kidogo zaidi kuhusu hizo siku tano.

Mwaka wa 2000 timu hiyohiyo ya Wilcox ilirudi na swali jingine: ni wanawake wangapi ambao siku zao sita za hatari zote ziko kati ya siku ya 10 na ya 17 ya mzunguko, kama vitabu vinavyosema? Walikuta ni karibu asilimia 30 tu. Wengine walianza mapema au walichelewa, na hata wale waliojiona wako sawa kila mwezi hawakuwa na uhakika. Mwenye mzunguko wa siku 24 anaweza kutoa yai siku ya 10, maana yake dirisha lake limefunguka siku ya tano, pengine damu bado haijakauka. Ule usemi kwamba ukiwa kwenye hedhi huwezi kushika mimba unaangukia hapo.

Na hapa ndipo ninapofikia P2, ile tembe ambayo jina lake limetokana na Postinor-2 na ambayo kila duka la dawa Nairobi linaiuza. Watu huifikiria kama kitu kinachoenda kuua mbegu, au kutoa mimba. Haifanyi yote mawili. Inachofanya ni kuchelewesha yai. Inauambia mwili usiliachilie sasa. Mbegu zinaendelea kungoja, zinaendelea kungoja, hadi zinakufa bila kukutana na mtu. Hiyo ndiyo kazi yake yote, na ukiielewa unaelewa mipaka yake bila kukariri. Kwa nini uimeze haraka, ndani ya saa 72? Kwa sababu unashindana na yai, na ukichelewa likatoka, tembe haina la kuchelewesha. Kwa nini isikulinde ukilala na mtu tena siku tatu baadaye? Kwa sababu yai halijafutwa, limesogezwa mbele, na sasa umeleta mbegu mpya za kulingoja. Koili ya shaba ikiwekwa na mhudumu wa afya ndani ya siku tano hufanya kazi vizuri zaidi kuliko tembe, kwa sababu shaba yenyewe ni sumu kwa mbegu. Inawafuata waliongoja huko huko walikojificha. Na kama kuna wasiwasi, kipimo cha mimba kinatoa jibu la kuaminika wiki tatu baada ya tendo, si kesho yake.

Siku tano si nyingi ukitazama viumbe wengine. Kuna popo wanaojamiiana kabla ya majira ya baridi, na majike hukaa na mbegu hai miezi kadhaa hadi joto lirudi ndipo watoe yai. Na hata si lazima uende kwa popo. Mtu yeyote aliyewahi kufuga kuku wa kienyeji anajua kwamba ukimchinja jogoo leo, mayai ya mitetea wake yataendelea kuanguliwa vifaranga kwa wiki mbili hivi. Ndiyo maana anayebadilisha jogoo ili apate mbegu bora husubiri wiki mbili tatu kabla ya kuyaamini mayai. Mtetea ana vijifuko vidogo sana ndani ya njia yake ya mayai, na humo mbegu hukaa zimelala, zikitolewa chache chache kila yai linapopita. Shosho zetu walilijua hilo vizuri. Hakuna aliyemwambia kuku kwamba jogoo aliyeliwa Krismasi hawezi kuwa baba wa kifaranga wa Januari.